Jinsi nilivyopata makadirio sahihi ya mbao za madawati

Barua yangu ya kwanza kwa fundi seremala ilisema tu: "Naomba makadirio ya mbao za madawati ya wanafunzi arobaini." Akanipigia hesabu ya madawati 40, nami nilitaka 20, kila moja la kukaliwa na wawili.

Kabla ya kuandika tena nilichukua futi kamba, nikawapima watoto wakiwa wamekaa na viatu vyao, kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti. Wengi walikuwa na sentimita 38 hadi 40. Kiti kikizidi hapo, miguu inaning'inia na ukingo unabana paja. Basi barua ya pili ikasomeka hivi:

"Ndugu Fundi, naomba makadirio ya madawati 20 ya watu wawili. Kiti kiwe sentimita 38 kutoka sakafuni, meza 64. Uso wa meza uwe na urefu wa 120 na upana wa 45. Vipimo vyote ni baada ya kupiga randa. Tafadhali orodhesha kila kipande: unene, upana, urefu na idadi."

Neno randa ndilo lililookoa kazi. Fundi alijibu, "Mwalimu, ubao wa upana wa 15 ukipigwa randa unabaki 14, mbao tatu zinatoa 42." Nikakubali 42, daftari linatosha vizuri.

Nyuso za meza 20, kila moja vipande vitatu, zilihitaji vipande 60, yaani mita 72. Lakini ubao wa mita 4 hutoa vipande vitatu na kubakiza sentimita 40, kwa hiyo tulinunua mbao 20, mita 80. Mabaki yakawa viungio vya miguu ya madawati.