Dada Anapokwenda Dirishani

Sini hii ya filamu yetu ilikuwa ya watu wawili. Kaka na dada wamekaa sebuleni, baba yao amefariki, na juu ya meza iliyo kati yao iko hati ya nyumba. Wanazungumza kwa upole mpaka dada anagundua kwamba saini iliyo chini ya hati si ya marehemu. Anainuka, anakwenda dirishani, na sehemu yote ya pili ya mazungumzo anaizungumza akiwa amesimama pale. Tuliipiga kwenye nyumba ya kupanga Ngamiani, Tanga, kwa kamera moja, na mimi nilikuwa natunza mwendelezo. Kazi yangu ilikuwa kuandika kila shoti imepigwa kutoka wapi, kwa lenzi gani, nani anatazama upande gani wa fremu, na mkono wa nani ulikuwa wapi neno fulani lilipotamkwa.

Sebule yenyewe ilikuwa na urefu wa mita tano hivi na upana wa mita nne. Kochi la kaka lilikuwa upande mmoja, kiti cha dada upande wa pili, na kati ya magoti yao kulikuwa na nafasi ya meza tu. Ukuta mmoja mrefu ulikuwa na kabati la vyombo. Ukuta unaoutazama ule ulikuwa na dirisha kubwa lenye pazia jepesi, na pembeni ya dirisha mlango wa jikoni. Kabla kamera haijatolewa kwenye begi, mwongozaji alichukua tepu ya karatasi akaivuta sakafuni kutoka miguu ya kochi hadi miguu ya kiti. Huo ndio mstari wa tendo, njia ambayo macho ya watu wawili yanasafiria wanapotazamana. Akasema kamera itakaa kila mara upande wa dirisha wa ile tepu, mpaka atakapotangaza vinginevyo.

Anayetazama mpira kwenye televisheni anaujua mstari huu hata kama hajawahi kuusikia. Kamera kuu zote ziko upande mmoja wa uwanja, kwa hiyo timu inayoshambulia kuelekea kulia inabaki inashambulia kuelekea kulia mpaka mapumziko. Sebuleni kwetu, kamera ikiwa upande wa dirisha, kaka yuko kushoto kwa fremu na anatazama kulia. Dada yuko kulia na anatazama kushoto. Hata ukimpiga kila mmoja peke yake, mtazamaji akiwaona mmoja baada ya mwingine anaamini kwamba wanatazamana.

Tulianza na shoti pana kutoka kwenye mlango wa jikoni, lenzi ya milimita 24, ili mtazamaji aone mara moja kochi liko wapi, kiti kiko wapi, meza iko wapi na dirisha liko upande gani. Pazia la dirisha lilionekana kidogo tu ukingoni mwa fremu, lakini lilipaswa kuwemo, kwa sababu baadaye dada angekwenda huko na mtazamaji asingependa kushangaa kwamba kumbe kuna dirisha.

Baada ya hapo tukaingia shoti za kati, zinazomwonyesha mtu kuanzia kiunoni hivi. Kwa kaka, lenzi ya milimita 50, kamera ikiwa karibu mita mbili kutoka usoni pake, na urefu wa lenzi sawa na macho yake akiwa amekaa, kama sentimita 115 kutoka sakafuni. Kwa dada tulitumia lenzi ileile, umbali uleule na urefu uleule. Niliyaandika yote haya daftarini kwa sababu shoti mbili zinazojibizana zisipolingana, mtazamaji anahisi mmoja ni mkubwa kuliko mwingine, au yuko mbali zaidi, na anaanza kutafuta maana ambayo haipo. Muigizaji ambaye hayuko kwenye fremu alikaa ubavuni mwa stendi, kichwa chake karibu na lenzi iwezekanavyo. Akikaa mbali na lenzi, mwenzake anaonekana anaongea na mtu aliye chumba cha pili.

Kwa klozapu, yaani shoti ya uso kwa karibu, hatukubadilisha lenzi tu. Tuliweka milimita 85 na pia tukaisogeza kamera karibu zaidi na tepu, ili pembe ibadilike kwa digrii zisizopungua 30 kutoka ile ya shoti ya kati. Kuna sababu mbili. Ukikata kutoka shoti moja kwenda nyingine ya mtu yuleyule, na pembe na ukubwa vimebadilika kidogo tu, picha inaruka kama vile kipande kimepotea. Pili, kadiri kamera inavyoukaribia mstari ndivyo macho yote mawili yanavyoonekana. Mwanzoni mwa sini tunamwona kaka kwa ubavu, kama mgeni aliyeketi pembeni. Neno la saini linapotajwa, tumeingia karibu kabisa na njia ya macho yao.

Shoti ya mikono nayo inafuata mstari. Mwongozaji alitaka kuona kidole cha dada kikigusa saini. Hati ilipigwa kutoka juu, na mkono wa dada uliingia kutoka kulia kwa fremu, kwa sababu ndiko anakokaa. Ungeingia kutoka kushoto, ungekuwa mkono wa kaka, na hadithi nzima ingegeuka: ingekuwa kaka ndiye anayeionyesha saini.

Mvutano ulikuja kwenye dirisha. Kamera ikiwa upande wa dirisha, nyuma ya dada kulikuwa na ukuta mtupu wenye rangi iliyobabuka, na mwanga ulimpiga usoni moja kwa moja. Mpigapicha alikwenda kwenye kabati, akainamia moniti, akaona kiti cha dada na lile pazia linalong'aa nyuma yake. "Njoo uone hii," akamwambia mwongozaji. "Tumpige kutoka huku. Huko ukutani hana sura." Na picha ilikuwa nzuri kweli, jambo hilo hakuna aliyelibisha.

Mwongozaji hakubishana naye. Alimwambia apige sekunde chache, kisha tukaweka kipande kile kwenye laptopu mara tu baada ya shoti ya kaka. Kaka anatazama kulia. Dada, akionekana kutoka upande wa kabati, naye anatazama kulia. Wote wawili wanaongea na mtu wa tatu asiyeonekana, na ghafla dada anaonekana amekaa nyuma ya kaka. Kosa hili ukiwa chumbani hulioni, kwa sababu unajua kochi liko wapi. Linaonekana pale tu shoti mbili zinapokaa pamoja, na ndiyo sababu ni vizuri kuzikutanisha siku hiyohiyo, kabla hamjafungasha vifaa.

Suluhisho lilikuwa tayari ndani ya hadithi, maana dada anainuka. Mstari haujafungwa kwenye samani, umefungwa kwenye macho, na mtu akihama mstari unahama naye. Sharti ni kwamba mtazamaji auone ukihama. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya sini ilibaki yote upande wa dirisha. Kwa ule ukuta, kiti cha dada kilisogezwa mbele kama nusu mita na mbali na ukuta, tundu la lenzi likafunguliwa zaidi ili nyuma pawe na ukungu, na taa ya mezani ikawekwa pembeni. Hapo ndipo tulipoijenga shoti ya mpito.

Ilikuwa shoti ya kati ya kaka, kamera ikiwa palepale kwenye alama yake, pembeni mwa dirisha. Kaka anatazama kulia kwa fremu, alipoketi dada. Dada anainuka, anakatiza mbele ya lenzi kutoka kulia kwenda kushoto, karibu sana, kiasi kwamba mgongo wake unamfunika kaka kwa nukta chache, kisha anatoka kushoto kwa fremu kuelekea dirishani. Kamera haitikisiki. Macho ya kaka ndiyo yanayofanya kazi: yanamfuata dada kutoka kulia, yanapita mbele ya lenzi, yanatua kushoto. Kuanzia hapo kaka anatazama kushoto, na hakuna mtazamaji anayechanganyikiwa, kwa sababu ameyaona macho yakihama.

Tepu ikabanduliwa, ikavutwa upya kutoka kwenye kochi hadi dirishani. Sasa kamera iliruhusiwa kwenda upande wa kabati na kile kiti kitupu. Kutoka pale dada alionekana akiwa na dirisha nyuma yake, anatazama kulia kumwelekea kaka, na kaka anatazama kushoto. Mpigapicha akapata picha yake, tena mahali ambapo ina uzito zaidi: mwanga nyuma, uso kwenye kivuli, wakati ambapo dada ameshajua.

Kipande hiki kina hatari mbili. Ya kwanza ni urefu wa macho. Dada sasa amesimama na kaka bado ameketi, kwa hiyo kaka lazima atazame juu na dada atazame chini. Dada alipokuwa akipumzika, kaka alianza kuongea na mtu aliyekaa kwenye ndoo pale dirishani, na macho yake yakashuka. Mtu yule akaambiwa asimame, na kipande cha tepu kikabandikwa kwenye fremu ya dirisha kwa kimo cha macho ya dada. Kamera ya kaka tukaipandisha kidogo juu ya macho yake na ya dada tukaishusha kidogo chini ya macho yake. Tulifanya hivyo kwa kiasi tu, kwa sababu ukizidisha, dada anaonekana jitu.

Hatari ya pili iko kwa mhariri. Shoti zote za baada ya mpito zinaitegemea shoti moja. Ikikutwa na kasoro, au ikikatwa kwa kuwa sini ni ndefu, sehemu ya pili inageuka ileile picha ya kwenye laptopu, watu wawili wasiotazamana. Hivyo mwongozaji aliagiza kinga mbili. Ya kwanza ilikuwa shoti ya dada kutoka nyuma akitembea moja kwa moja kwenda dirishani, kamera ikiwa nyuma ya kiti chake. Shoti ya namna hii haina kulia wala kushoto, kwa hiyo inaweza kukaa kati ya pande mbili bila kugombana na yoyote. Ya pili ilikuwa shoti pana mpya kutoka pembe ya kabati, inayomwonyesha kaka kwenye kochi, kiti kitupu, na dada dirishani, ili mtazamaji apange upya chumba kichwani mwake.

Daftarini nilipiga mstari mwekundu chini ya shoti ya mpito na kuandika kwa ajili ya mhariri: "Za juu ya mstari huu, kaka anatazama kulia. Za chini, kushoto. Usichanganye hata kwa klozapu ya kimya." Hiyo ya kimya ndiyo inayoponyoka mara nyingi. Mhariri anahitaji uso wa kaka akisikiliza, anachukua ule mzuri kutoka mwanzo wa sini kwa kuwa hauna maneno, na kaka anaonekana anatazama kiti ambacho hakina mtu.