Risiti zilitoka nyeupe

Jumamosi saa moja jioni, duka langu hapa Moshi limejaa, printa ya risiti ikaanza kutoa karatasi tupu. Nikaizima, nikaiwasha, wapi! Nikadhani wino umeisha.

Jirani yangu, fundi simu, akaja taratibu. "Mangi, hii haina wino. Karatasi yenyewe hugeuka nyeusi ikipata joto, na dawa iko upande mmoja tu." Akaikwaruza kwa ukucha: upande wa nje ukatoka alama nyeusi, wa ndani hakuna kitu. Kumbe kwa haraka zangu nilikuwa nimeweka rola kinyume.

Akaigeuza. Maandishi yakatoka, ila yamepitiwa na mstari mweupe. Akazima, akasubiri kichwa cha printa kipoe, akakifuta kwa pamba yenye spiriti, akaacha kikauke. Mstari ukapotea. Mteja wa sukari naye alishaondoka.