Sinema ya harusi iliyogoma kwenye asilimia 63

Sinema ya harusi ya Tanga ilikuwa ya dakika 48, na mama wa bibi harusi alishanipigia mara mbili. "Mwanangu, wageni wanarudi kwao Jumapili, wataondoka bila kuiona?" Ilikuwa Ijumaa usiku. Nikabonyeza kurenda, yaani kuziunganisha klipu zote ziwe faili moja la sinema, nikaenda kuoga, niliporudi nikakuta imesimama kwenye asilimia 21.

Nikarudia, ikafika 40. Nikarudia tena, ikafia 17. Hapo nilipaswa kuelewa mapema kuliko nilivyoelewa. Asilimia ikiwa inahamahama, klipu hazina kosa, kwa sababu klipu haiondoki mahali pake kwenye taimulaini. Kinachobadilika ni hali ya mashine: joto, kumbukumbu, draiva. Mimi nilikuwa nimeiachia kadi ya video kazi ya kuifinya sinema, maana ni haraka, lakini kadi yangu ina kumbukumbu ya GB 2 tu na nilikuwa nimeitwisha pia marekebisho ya rangi. Nikaingia kwenye mipangilio ya kurenda, nikahamishia kazi kwenye prosesa. Iliyokuwa kazi ya dakika 20 ikawa ya karibu saa tatu. Nikalala.

Saa nane usiku nikaamka: 63. Nikarudia: 63. Nusura nifurahi, maana sasa nilikuwa na anwani ya kosa. Asilimia 63 ya dakika 48 ni dakika ya 30 na sekunde kama 14. Hesabu hiyo hukaribia tu, na ukiwa umechagua kurenda kwa mizunguko miwili haifai, maana nusu ya kwanza ya asilimia ni mzunguko wa kwanza. Wangu ulikuwa mmoja. Nikaweka alama dakika ya 29 na nusu hadi ya 31, nikarenda kipande hicho peke yake. Kikagoma. Nikaizima klipu moja ya shangazi akicheza, iliyopigwa kwa simu ya mpwa wake, kikapita.

Ajabu ni kwamba klipu hiyo ilikuwa ikicheza vizuri nikiitazama. Lakini unapotazama, programu huruka fremu inazoshindwa na wewe huoni kitu. Wakati wa kurenda inadai kila fremu. Nikaikagua kwa ffprobe, programu ndogo inayosoma sifa za faili la video:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=codec_name,pix_fmt,r_frame_rate,avg_frame_rate -of default=nw=1 shangazi.mov
```

Ikajibu `hevc`, ambayo ni namna ya kufinya video, na `yuv420p10le`, yaani rangi za biti 10, ambazo programu yangu ya zamani haizimudu. Juu ya hayo, `r_frame_rate` na `avg_frame_rate` hazikulingana, dalili kwamba idadi ya fremu kwa sekunde ilikuwa inabadilikabadilika. Simu nyingi hupunguza fremu kwenye mwanga hafifu, na ukumbi ule taa zake zilikuwa za rangirangi tu. Nikaitengeneza upya, fremu 25 kila sekunde kama klipu za kamera yangu:

```
ffmpeg -i shangazi.mov -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p -r 25 -c:a aac -ar 48000 shangazi2.mp4
```

Ilitoka imepauka kidogo, kwa sababu simu ilirekodi kwa HDR, yaani kwa upeo wa mwanga na rangi mpana kuliko wa video ya kawaida. Nikaongeza rangi kwa mkono, nikaibadilisha mahali pale pale bila kugusa mkato wowote.

Asubuhi nikarenda nikiwa na uhakika. Ikapita 63, nikapiga makofi peke yangu. Ikafia 73.

Hiki cha mwisho kilikuwa uzembe wangu. Diski ya laptopu ilibaki na GB 3, kwa hiyo nilikuwa narenda moja kwa moja kwenye flashi ya GB 32, tupu kabisa. Nilipolitazama faili lililokatika, ukubwa wake ulikuwa GB 4 kasoro kidogo sana. Flashi ilikuwa na mfumo wa FAT32, na FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4, hata nafasi ikiwa tele. Nilirenda kwa megabiti 16 kwa sekunde, ambazo ni megabaiti 2. Zidisha kwa sekunde 2,880, ongeza sauti, unapata karibu GB 6. Ningepiga hesabu hiyo tangu mwanzo ningeokoa saa mbili.

Nikaifomati flashi kwa exFAT, mfumo usio na kikomo hicho (inafuta kila kitu, yangu haikuwa na kitu), nikarenda, ikafika 100.

Nikampelekea mama Jumamosi jioni. Nikachomeka flashi kwenye runinga yake, ya miaka mingi kidogo: kimya, haiisomi. Haijui exFAT. "Sasa, mwanangu?" Nikarudi nyumbani, nikarenda upya kwa megabiti 10, faili likatoka GB 3.7, nikalitia kwenye flashi nyingine ya FAT32. Saa tano usiku shangazi alikuwa anajitazama akicheza, na hakuuliza kwa nini rangi zake ziko tofauti kidogo na za wenzake.