Siku nilipomwambia Mzee kwamba chumba cha giza kinafungwa

Barua ya wafadhili ilisema mashine ya kusomea picha za eksirei kwa kompyuta ingefika baada ya miezi minne. Kwenye kikao cha uongozi, ambako niliitwa kama mkuu wa kitengo cha eksirei, tulizungumza kwa kirefu habari za umeme, kiyoyozi, mahali pa kuweka kompyuta, na fedha ambazo hospitali ingeokoa kwa kuacha kununua filamu na dawa za kusafishia. Mzee alitajwa mwisho kabisa, kwenye mstari wa kupunguza gharama.

Simtaji jina. Kitengo kizima tulimwita Mzee. Alikuwa na miaka 27 akisafisha filamu za eksirei katika chumba cha giza, na mimi nilipoanza kazi pale nikiwa msichana mwenye diploma mpya, yeye ndiye aliyenifundisha kuitazama filamu kabla haijakauka.

Asiyewahi kuingia chumba cha giza huenda akadhani kazi ya Mzee ilikuwa kuchovya filamu na kuitoa. Hospitali yetu iko kusini, kwenye joto. Dawa ya kwanza, ile ya kutoa picha, hufanya kazi vizuri ikiwa kwenye nyuzi 20, na filamu hukaa humo dakika 5. Ikifika nyuzi 24, dakika 3 zinatosha. Ukizidisha, picha inaungua kwa weusi. Mchana wa Novemba dawa ilitaka kupanda hadi 28. Mzee aligandisha maji kwenye mifuko ya plastiki, akaizamisha kwenye maji yanayozunguka tangi, kamwe si ndani ya dawa yenyewe, maana barafu ikiyeyuka humo dawa inapungua nguvu. Kisha alikaa chini ya taa nyekundu na kipimajoto. Filamu ikitoka na ukungu alijua kama mlango umevujisha mwanga au boksi lilihifadhiwa penye joto. Ikitoka imepauka, aligonga ukuta na kutuambia tuongeze mionzi kidogo. Kwa kweli yeye ndiye aliyekuwa akiangalia ubora wa kazi yetu sote, ingawa kwenye karatasi cheo chake kilikuwa "mhudumu".

Katibu wa hospitali, mtu mwema aliyebanwa na bajeti, alipendekeza asiambiwe chochote mpaka mashine ifike, halafu apewe barua na kiinua mgongo chake. Nilikwenda kuisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004. Kifungu cha 38 kinamtaka mwajiri anayetaka kupunguza watu kwa sababu za kiuendeshaji atoe taarifa mapema, aeleze sababu zote, na ashauriane na wahusika kabla ya kuamua. Kifungu cha 42 kinaweka kiwango cha chini cha kiinua mgongo: mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa kazi, lakini kwa miaka isiyozidi 10. Yaani kwa miaka 27 Mzee angeweza kuondoka na mshahara wa siku 70, na miaka 17 isihesabike popote. Niliipeleka hesabu hiyo kwa Katibu ikiwa imeandikwa kwa mkono. Aliitazama kwa muda mrefu, akaniuliza, "Sasa wewe unataka afanye nini?"

Swali hilo lilikuwa la haki, na sikutaka kwenda kwa Mzee kabla sijapata jibu lake. Kumwambia mtu mzima kwamba kazi yake inaisha na kwamba "tutaangalia utaratibu" ni kumtesa. Kumfanya mpiga picha haikuwezekana: hiyo ni diploma ya miaka mitatu na usajili wa kitaaluma, naye alikuwa amebakiza miaka michache astaafu. Lakini mashine mpya ingehitaji mtu wa kuandikisha wagonjwa bila kukosea majina, kutunza mabamba yanayochukua nafasi ya filamu, kuhifadhi picha kwenye seva, na juu ya yote kukagua ubora wa kila picha. Niliandika majukumu hayo kwenye ukurasa mmoja, pamoja na muda wa mafunzo na mshahara. Katibu alisaini. Ndipo nikaenda.

Nilimsubiri jioni, wagonjwa wameisha, kwenye benchi la nyuma alipokuwa akikausha aproni yake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Leo una sura ya kikao."

Nikamwambia moja kwa moja. Mashine inakuja mwezi wa sita. Baada ya hapo hatutaagiza tena filamu wala dawa, na chumba cha giza kitafungwa. Nilikuwa nimejikataza kusema "usijali", kwa sababu alikuwa na kila sababu ya kujali.

Alikaa kimya, akakunja aproni vizuri, pembe kwa pembe. "Kwa hiyo dawa basi?"

"Basi, Mzee."

Sikuharakisha kutoa karatasi yangu. Nadhani watu wengi hukosea hapo: habari mbaya haijashuka kooni, wanabandika juu yake habari njema. Nilingoja aulize mwenyewe, naye aliuliza, lakini si nilichokitegemea. Nilidhani ataogopa kompyuta. Yeye aliuliza kuhusu mshahara. Halafu akauliza atakuwa chini ya nani. Halafu, baada ya kitambo, "Na nikishindwa je?"

Mshahara ulibaki uleule, na ulikuwa umeandikwa. Angekuwa chini yangu, si chini ya vijana aliowaona wakija na madaftari ya chuo. La tatu ndilo nililolipigania zaidi kwa Katibu: kama baada ya miezi sita kazi itamshinda, angehamia stoo ya dawa kwa mshahara huohuo mpaka astaafu. Nilimwonyesha sentensi hiyo na saini. Aliisogeza karatasi mbali na macho ili aisome, akasema ataipeleka nyumbani mama watoto aisome pia. Nikamwambia achukue siku zake.

Alirudi na sharti moja. "Nifundishe wewe. Usinipe kijana."

Kumbe kikwazo cha kwanza kilikuwa macho. Miwani yake ilimfaa kusoma gazeti mkononi, lakini skrini iko mbali zaidi ya gazeti, hivyo aliinua kidevu na kusogea mbele mpaka shingo ikamuuma. Mafunzo mengi ya wazee huvunjika kwa jambo dogo kama hilo, na watu husema mzee ni mgumu kuelewa. Kliniki ya macho ilimpimia miwani ya umbali wa skrini, na juma lilelile akaacha kukosea herufi.

Wiki za mwanzo tulizitumia kwenye uandikishaji tu: namba ya mgonjwa, jina, umri, jinsia, sehemu inayopigwa, upande. Kwenye filamu, jina likikosewa unakuwa na karatasi moja yenye kosa. Kwenye seva, picha inaingia kwenye faili la mtu mwingine na daktari wa wodini haioni kabisa. Mzee aliweka utaratibu wake wa kumwuliza mgonjwa ataje jina lake mwenyewe, badala ya kumsomea naye akaitikia. Maana mgonjwa mwenye maumivu huitikia jina lolote.

Lakini siku iliyobadilisha mambo ni ile ya mguu wa mbuzi. Filamu zilikuwa bado hazijaisha, kwa hiyo tungeweza kulinganisha. Nilinunua mguu buchani, nikaupiga mara nne kwa nguvu ileile ya umeme, 50 kV, nikibadilisha mAs tu, yaani kipimo cha wingi wa mionzi: 2, 4, 8, na 16. Kila kipimo nilikipiga mara mbili, kwa filamu na kwa bamba. Mzee akasafisha filamu zake kama kawaida. Ya 2 ilipauka, ya 4 ilikuwa safi, ya 8 ilikuwa nyeusi, na ya 16 haikufaa kitu. Hayo aliyajua hata kabla hajaitoa kwenye maji.

Kisha tukaenda kwenye skrini. Picha zote nne zilionekana na mwanga uleule, nzuri zote. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Haiwezekani."

Nikamweleza. Lesa inalisoma bamba, halafu kompyuta inarekebisha weusi na weupe yenyewe. Ukipunguza mionzi picha haipauki. Inakuwa na chengachenga kama mchanga, ukiikuza. Ukizidisha, haiwi nyeusi. Inakuwa safi zaidi. Nikamwonyesha namba ndogo pembeni ya picha, ile inayoandikwa S. Kwenye aina ile ya mashine inakwenda kinyume na mionzi: picha ya 2 mAs ilikuwa na S ya karibu 400, ya 4 karibu 200, ya 8 karibu 100, na ya 16 karibu 50. Mionzi ikiongezeka maradufu, S inapungua nusu.

Alizitazama filamu zake zinazodondosha maji, akaitazama skrini. "Kwa hiyo mpiga picha akimzidishia mgonjwa mionzi mara nne, hakuna atakayejua. Daktari atafurahi."

"Hakuna, Mzee. Isipokuwa anayeisoma hiyo namba."

"Mashine inawafichia," alisema. Kuanzia hapo sikumsikia tena akiuliza habari za kushindwa.

Mengine alijifunza kwa kazi yenyewe. Bamba lililokaa kabatini zaidi ya siku moja lifutwe kwanza kwenye mwanga wa mashine, kwa sababu linakusanya mionzi ya mazingira. Doa jeupe linalorudi mahali palepale kwa wagonjwa tofauti si ugonjwa, ni vumbi kwenye bamba. Kulikuwa na siku ngumu pia. Alifuta picha ambazo hazikupaswa kufutwa, tukawaita wagonjwa wawili warudi, na maneno ya Kiingereza kwenye skrini yalimchosha mpaka tulipombandikia karatasi ya maana zake.

Alinunua daftari la hesabu, akawa anaandika S ya kila picha ya kifua, bila mimi kumwagiza. Miezi kadhaa baadaye alilileta ofisini. Mwanzoni namba zilikuwa zikizunguka 200. Zilikuwa zimeshuka polepole, na juma lile nyingi zilikuwa chini ya 100. Hakuna picha iliyoonekana mbaya, wala daktari aliyelalamika. Vijana wetu walikuwa wameongeza mionzi kidogo kidogo, kila mmoja akikwepa chengachenga.

Aliniomba niwaambie mimi, kwa kuwa wao wamesajiliwa na yeye hajasajiliwa. Nilimwambia daftari ni lake, alisome yeye kwenye kikao cha Ijumaa. Alisoma akiwa amesimama, tarehe na namba, bila kumtaja mtu. Chumba kilikuwa kimya, halafu kijana mmoja akauliza S ya mgonjwa mnene iwe ngapi, na ubishi ukaanza, ubishi mzuri wa kazi. Tulitoka na jedwali jipya la vipimo la kubandika kwenye meza ya mashine.

Ndani ya juma zile namba zilianza kupanda. Mzee akaomba fedha za daftari kubwa zaidi, lenye safu moja ya ziada kwa ajili ya sababu ya kila picha iliyorudiwa.