Upatanisho wa kisarufi katika sentensi ndefu: njia niliyoitumia na watahiniwa wangu

Katika kusahihisha insha za watahiniwa wa kidato cha nne niligundua kwamba mwanafunzi anayeandika bila wasiwasi "uamuzi haukubadilishwa" anaweza, katika aya hiyo hiyo, kuandika hivi: "Uamuzi uliotolewa na wajumbe wa kamati za shule zilizokumbwa na mafuriko, hata baada ya wazazi kuandika barua za kulalamika, hazikubadilishwa." Ngeli anaijua. Kinachomponza ni kwamba kiima kimeachwa mbali, na nomino iliyo karibu zaidi na kitenzi, yaani barua, ndiyo iliyobaki masikioni mwake.

Kumkariria ngeli upya hakukusaidia, kwa hiyo nilianza na kitenzi. Tuliandika sentensi hiyo ubaoni, nikawataka wavichunguze vitenzi vyake kimoja kimoja. "Uliotolewa" na "zilizokumbwa" vina kirejeshi, hivyo vinaeleza nomino tu. "Kuandika" na "kulalamika" havina kiambishi cha kiima. Kinachobaki ni "hazikubadilishwa", nacho ndicho kitenzi kikuu. Hapo niliwauliza: ni nini ambacho hakikubadilishwa? Darasa zima lilijibu kwamba ni uamuzi, na aliyeandika sentensi akafuta "hazi-" na kuweka "hau-" kabla sijasema lolote.

Baadaye niliwaonyesha kwamba mara nyingi jibu limekwisha kuandikwa mwanzoni mwa sentensi. Katika "uamuzi uliotolewa", kiambishi "u-" cha kitenzi kirejeshi kinachofuata nomino ndicho kile kile kinachotakiwa mbele, kwenye kitenzi kikuu. Vivyo hivyo, "vitabu ambavyo" hudai "vi-" na "barua ambazo" hudai "zi-", hata yakiingia maneno ishirini katikati.

Hata hivyo, dalili hii ina mipaka. "Ambao" hufuata wajumbe na pia hufuata uamuzi, ilhali "ambayo" hufuata matatizo, mito na nyumba moja. Panapotokea utata huo, huwa nawaambia wakiambatishe kiima na kionyeshi: wajumbe hawa, uamuzi huu, matatizo haya, mito hii. Kionyeshi hutenganisha "wa-" na "u-", na vilevile "ya-" na "i-".

Kilichowasumbua kwa muda mrefu zaidi ni vishazi vinavyoanza na "ingawa" au "kwa sababu", kwa kuwa vitenzi vyake havina kirejeshi na huonekana kama vitenzi vikuu. Katika "Uhaba wa dawa, ingawa serikali iliongeza fedha, umeendelea", wengine walishika "iliongeza" na kuiacha "umeendelea" ikielea. Kwa sentensi za namna hii niliwataka waweke mabano ya penseli kuanzia kiunganishi hadi koma inayofuata, kisha wasome kilichobaki nje: "Uhaba wa dawa umeendelea." Mtahiniwa ambaye hakuweka koma hana pa kufungia mabano, na kwa sababu hiyo nilianza kusahihisha koma zao kwa ukali kuliko awali.