Duara ndani ya duara

Niko wodini, hapa Kisumu. Mikono bado inatetemeka.

Asubuhi mwanangu wa miaka 2 alikataa uji. Udenda ukamchuruzika mpaka fulana ikalowa kifuani. Homa hana, kikohozi hana.

Jirani akaniambia, "Mama Baraka, kama amemeza shilingi itatoka na choo. Mpe ndizi iisukume."

Kisha nikaiona rimoti chini ya kiti. Kifuniko wazi, ile betri bapa kama kifungo haipo.

Sikumpa chochote. Tuktuk, moja kwa moja hospitali.

Kwenye eksirei palikuwa na kiduara cheupe, na ndani ya ukingo wake mstari wa pili. Daktari akaufuata kwa kalamu: "Sarafu kwa kawaida haina huu."

Akanieleza kwamba betri ikikwama kwenye njia ya chakula, umeme wake hupita kwenye mate na nyama huanza kuungua ndani ya saa 2, hata isipovuja. Na hata ingekuwa sarafu, mtoto anayeshindwa kumeza mate hangojewi choo.

Wamemlaza kwa dawa ya usingizi, wakaitoa kwa kamera. Upande mmoja wa betri umeshakuwa mweusi. Kidonda kipo, wanakichunga.

Jamani, rimoti zenu kifuniko kina skrubu? Nendeni mwangalie, mniambie.