Kijiko cha lumbesa

Hii ilikuwa mwaka 2016, mama alikuwa kwangu Moshi, Majengo, mguu umefungwa hogo baada ya kuteleza kwenye ngazi za kanisani kule kijijini. Wiki ya pili ikaingia hajapata choo siku tano. Zile dawa kali za maumivu zinafunga choo, kukaa kitini kutwa nzima nako kunafunga, na mama mwenyewe alikuwa anajinyima maji makusudi maana kwenda msalani na magongo ilikuwa ni safari. Mtori anakula, papai anakula, hamna kitu.

Nikampigia shangazi yangu aliyeolewa Tanga. Baada ya shikamoo na habari za huko akaniambia, mwanangu, tafuta sanamaki, kijiko kimoja kwa kikombe cha maji ya moto, funika, chuja, anywe usiku akienda kulala, asubuhi atakuwa mwepesi. Basi. Maelezo yote ndio hayo, yaani sentensi moja, nami sikuuliza swali hata moja kwa sababu kijiko nakijua na kikombe nakijua, nani asiyevijua.

Nikaenda soko la Mbuyuni kwa mama mmoja anayeuza dawa za asili, akanipimia majani makavu, akaniuliza nikusagie? Nikasema saga, nikijua nimepata huduma ya bure. Yule mama naye alikuwa na maelezo yake, akasema chukua konzi moja ya majani chemsha kwenye lita moja anywe kikombe. Sasa ni konzi ya nani, mimi au dereva wa lori, hakusema. Nikaona ya shangazi ina akili zaidi, angalau kijiko ni kijiko.

Nilivyotengeneza ni hivi. Sikutaka kuhangaika kila usiku, nikasema nitengeneze ya siku mbili kabisa. Nikachukua chupa ya chai ile ndogo ya nusu lita, nikatia unga wa sanamaki vijiko viwili, vijiko vya chai, nashukuru Mungu walau sikushika cha chakula, lakini nilivichota vile tunavyochota sukari nyumbani, kijiko kimejaa hadi kinamwagika, lumbesa kabisa. Nikamimina maji yanayochemka, nikafunga. Saa 2 usiku nikachuja kwa chujio la chai, nikampa mama kwenye kombe lake lile kubwa la maua, likajaa. Iliyobaki nikaiacha ndani ya chupa kwa ajili ya kesho, juu ya meza ya jikoni, pembeni ya chupa ya chai ya kawaida. Hapo ndio nilifanya ujinga wa pili na sikujua.

Saa 5 usiku mama ananiita, mwanangu mbona kimya, dawa yako haifanyi kitu. Kidogo nimwongezee. Kilichoniokoa ni usingizi tu wala sio akili. Sanamaki haifanyi kazi saa hiyohiyo, kile kilichomo inabidi kifike kwanza kwenye utumbo mpana, bakteria wa huko wakivunjevunje ndio kianze kusukuma, kwa hiyo ni masaa 6 mpaka 12 toka umekunywa. Masaa 3 huwezi kuisema imefeli. Watu wengi wanajiongezea hapo katikati, wanaona kimya wanarudia, alafu zote mbili zinakuja kwa foleni.

Saa 10 alfajiri tumbo likaanza kumnyonga. Mimi nimelala. Dada wa kazi, binti mzuri tu na mchapakazi, alikuwa ameamka saa 11 kuwasha jiko, mama akamwomba kitu cha moto cha kutuliza tumbo. Binti akamimina kilichokuwa kwenye ile chupa ndogo. Nilipomuuliza baadaye akasema, dada mi nilijua ni dawa ya bibi na imebaki ya kumalizia. Nikamuuliza mama, kwani hukusikia ladha ni ileile? Akasema nilisikia, nikajua mmepanga hivyo. Kila mtu alijua mwenzake amepanga.

Asubuhi kuanzia saa 12 ikawa kazi. Nitapita haraka hapa kwa heshima ya mama yangu, ila fikiria mtu wa miaka 67 na hogo mpaka juu ya goti na choo kiko uani. Mara sita. Kufika saa 5 ikapoa, akanywa uji, akalala, mi nikapumua nikasema tumemaliza, tena nikamtumia shangazi meseji ya kumshukuru.

Saa 8 mchana ikaanza upya. Na hiyo ya mchana ndio ilikuwa mbaya, maji matupu, na tumbo linanyonga kuliko asubuhi. Wakati ule sikuelewa, leo nikiangalia saa naona wazi, ile ya saa 2 usiku ilikuja alfajiri, ile aliyopewa saa 11 alfajiri nayo ikaja mchana, kila moja na zamu yake. Ingekuwa amekula kitu kibaya isingepanga mistari namna ile. Jioni akaanza kusema vidole vya miguu vinakakamaa, kichwa chepesi, akisimama anaona giza. Nikaita bajaji.

Hospitalini daktari kijana kabisa aliuliza maswali matatu tu. Kijiko gani? Unga au majani? Anatumia dawa gani nyingine? La kwanza nikajibu kwa mikono, hiki hapa cha chai, nikamwonyesha na mlima wake, akatikisa kichwa. La pili nikasema unga. La tatu nikataja kidonge cha presha kile cha kumfanya akojoe sana, hapo ndio akaacha kuandika. Akanieleza kwamba kidonge kile kinatoa potasiamu kwenye mkojo na kuhara nako kunaitoa, sasa vimekutana, ndio maana misuli inakakamaa, na potasiamu ikishuka sana moyo wenyewe unaanza kupiga ovyo. Wakampima damu, potasiamu ikawa imeshuka lakini sio pabaya, akapewa dripu na tukalala pale usiku mmoja. Akasema hata ukipima sawasawa hii kitu sio ya kunywa wiki kwa wiki, na mtu mwenye kidonge kama kile aulize kwanza.

Tuliporudi nyumbani mi nikashindwa kulala na lile swali la kijiko gani. Binamu yangu anapika keki za oda, ana mizani ya jikoni inayosoma gramu na ile seti ya vijiko vya kupimia. Jumamosi akaja na vitu vyake tukakaa mezani, mama naye kwenye kiti chake anatuangalia kama watoto tunaocheza kombolela.

Mizani ya keki haiwezi kupima kijiko kimoja cha majani, inaruka kati ya 1 na 2 au inakaa sifuri. Binamu akasema pima kumi ugawanye. Majani yaliyovunjwavunjwa, kijiko cha kupimia cha mililita 5, juu kafuta kwa kisu, vijiko kumi vikaja gramu 15. Kwa hiyo kimoja ni gramu 1 na nusu. Unga wa majani yaleyale, kijiko kilekile kimefutwa, kumi vikaja 25. Unga unajaza zile nafasi ambazo majani yanaacha wazi, ndio uzito unapanda na kijiko ni kilekile. Alafu nikachukua kijiko changu cha nyumbani nikachota nilivyochota usiku ule, bila kudanganya, mama mwenyewe akanisahihisha, ulijaza zaidi ya hapo. Vijiko kumi vya lumbesa, gramu 50. Gramu 5 kimoja. Nilitia viwili, yaani gramu 10 kwenye chupa.

Tukapima na maji. Lile kombe la maua lilimeza mililita 300, kwa hiyo usiku ule mama alikunywa zaidi ya nusu ya dawa ya siku mbili kwa mara moja, mi nikidhani nimempa nusu. Iliyobaki ilikuwa pungufu kwa maji ila sidhani ilikuwa pungufu kwa ukali, maana unga ulikaa chini ya chupa usiku kucha kwenye maji ya moto unaendelea kutoka, na chujio la chai linapitisha unga kama halipo.

Hapo kwenye kikombe ndio kulinichukua muda kuelewa. Ukitia majani kijiko kimoja ndani ya kikombe chako mwenyewe ukanywa chote, ukubwa wa kikombe haukupunguzii wala kukuongezea sana, dawa ni ile iliyokuwa kwenye kijiko, maji yanabadilisha ladha tu. Ila ukipika chungu kizima au chupa alafu ukagawa kwa vikombe, sasa kikombe ndio kipimo, na kombe la 300 dhidi ya kikombe cha 150 ni dozi mbili dhidi ya moja. Kwa maana hiyo maelezo ya shangazi na ya yule mama wa Mbuyuni hata hayafanani kwa aina, moja linapima kwa kijiko, jingine linapima kwa kombe, nami nilichanganya yote mawili bila kujua.

Konzi nayo tukaipima kwa kujifurahisha. Yangu ya majani makavu ilikuja gramu 7, ya kaka yangu aliyekuwa amekuja kumsalimia mama ilikuja 13, na hakukaza. Majani mabichi tulichuma ya mti mwingine tu uani, mkono uleule ukabeba uzito mwingine kabisa kwa sababu ya maji yaliyomo.

Shangazi nilimpigia jioni ile, kwa upole, maana sio kosa lake. Nikamuuliza, shangazi kile kijiko ulichosema ni kipi? Akacheka, akasema kijiko mwanangu, kijiko, hicho cha kwenye kopo. Kopo lipi? Kopo langu la sanamaki. Kumbe ana kijiko kinachoishi humohumo ndani ya kopo miaka yote na kwake neno kijiko likitajwa kwenye habari ya sanamaki ni hicho tu, na kikombe ni kile cha kahawa chungu.

Wiki iliyofuata akanitumia kwa basi la kutoka Tanga, kimefungwa kwenye gazeti na kamba, konda akaniuliza kuna nini humu chepesi hivi. Ni kijiko cha kukorogea kahawa, kimepinda shingo. Nikakijaza maji kwa bomba la sindano, kikameza mililita 3. Majani yaliyovunjwa, kimefutwa, vijiko kumi vikaja gramu 9.

Mama akanyoosha mkono akakichukua, akakigeuzageuza, akaangalia na ile chupa ndogo iliyokuwa juu ya kabati.

"Kwa hiyo hiki," akasema, "wewe ulinipa mara ngapi?"

Nikamwambia mara kumi na moja.

Akakirudisha kwenye gazeti lake, akaomba papai.